Nani ni ‘nyinyi’ na nani ni ‘wao’ katika shukrani za maarusi?

JUMANNE, siku tatu baada ya harusi niliyoalikwa nje kidogo ya mji wa Bomet, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa shukrani kutoka kwa maarusi. Niliusoma mara moja nikauweka kando, kama tufanyavyo wengi wetu, kwani jumbe za aina hii hufanana kama majani ya mchai mmoja. Jioni ya siku hiyo nilikutana na mama mmoja wa kijiji hicho, mmoja wa waliopika. Naye alikuwa ameusoma kwenye simu ya binti yake. Akaniuliza, “Mwalimu, hebu niambie, hii asante ni ya nani? Ni kama wanaambia watu wengine kuhusu sisi.”

Kauli hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye ujumbe ule nikausoma upya, neno kwa neno. Mama yule hakusoma isimu, lakini sikio lake lilikuwa limenasa jambo ambalo jicho langu lilikuwa limeliruka. Nitaunukuu ujumbe wenyewe hapa kwa idhini ya maarusi, bila majina:

“Itifaki imezingatiwa. Sisi maarusi tungependa kuchukua fursa hii kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii kuu. Tunawashukuru nyinyi nyote mliotuchangia kwa hali na mali na mliosafiri kutoka Nairobi, Nakuru na Eldoret kuja kujumuika nasi. Michango yenu haitasahaulika. Shukrani za pekee zimwendee mwenyekiti wa kamati, mchungaji wetu na wageni waheshimiwa. Pia tunawashukuru akina mama waliohusika na mapishi, vijana, majirani na wote waliofanikisha shughuli kwa njia moja au nyingine. Kila kitu kilifanyika vizuri kupita matarajio yetu. Maneno hayatoshi. Mungu awabariki. Kongoi mising.”

Hakuna kosa la tahajia hapa. Upatanisho wa kisarufi ni safi. Mwalimu wa shule ya upili angeusahihisha akautia alama nzuri. Tena si ujumbe wa watu wenye kiburi. Nawajua vijana hawa, na najua waliandika kwa moyo mweupe. Kasoro yake iko mahali ambapo kalamu nyekundu haifiki, nayo ni katika nafsi.

Tazama sentensi ya tatu. Waliotoa pesa na waliosafiri kutoka mijini wanaitwa “nyinyi nyote mliotuchangia”. Hiyo ni nafsi ya pili wingi, na kiambishi m- katika “mliotuchangia” na “mliosafiri” kinathibitisha kwamba maarusi wanawatazama watu hawa usoni na kuzungumza nao. Hata michango ni “yenu”. Sasa shuka hadi sentensi inayoanza kwa “Pia”. Akina mama ni “waliohusika”. Majirani wamo kwenye kapu la “wote waliofanikisha”. Hiyo ni nafsi ya tatu. Maarusi wamegeuza uso. Sasa wanazungumza na wale wa kwanza kuhusu hawa wa pili. Mtu aliyetuma pesa kwa simu akiwa Nakuru ni “nyinyi”, ilhali mama aliyekesha mekoni hatua hamsini kutoka mlangoni mwa bwana arusi ni “wao”.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nomino “akina mama” ni ya nafsi ya tatu, kwa hiyo ni lazima kitenzi chake kianze kwa wa-. La hasha. Katika Kiswahili kitenzi hufuata nafsi ya anayezungumziwa, si nomino tu. Tunasema “sisi walimu tulikubali” na “nyinyi walimu mlikubali”, na nomino ni ile ile moja. “Akina mama mliotupikia” ni Kiswahili sanifu kabisa. Kilichohitajika ni herufi moja tu, m- badala ya wa-, na mama yule angejiona ameitwa.

Hapa Kiswahili kina mtego wake ambao yafaa tuutambue. Kiambishi cha yambwa -wa- katika “tunawashukuru” hubeba nafsi mbili kwa pamoja. Kinaweza kumaanisha nyinyi, na kinaweza kumaanisha wao. Ukiliona neno hilo peke yake huwezi kujua ni nani anayeshukuriwa: wewe unayesoma, au watu wengine ambao wewe unaarifiwa habari zao. Lugha yenyewe imetoa dawa. Ukiongeza -ni mwishoni, “tunawashukuruni”, utata unaondoka, kwa kuwa hiyo -ni ni ya nafsi ya pili wingi pekee. Wengine, hasa Pwani, husema “tunakushukuruni” na maana ni hiyo hiyo. Huku kwetu bara tumeiacha -ni hii kana kwamba ni pambo la Mombasa, tukabaki na “tunawashukuru” inayoelea. Kwa mazungumzo ya kawaida haidhuru, maana uso na mkono humalizia kazi. Kwenye maandishi hakuna uso wala mkono. Kirejeshi kinachofuata ndicho huamua, na maarusi wetu waliandika “mlio-” kwa kundi moja na “walio-” kwa jingine.

Sidhani walikusudia. Ndiyo maana nasema jambo hili lina uzito, kwani mtu anayekusudia unaweza kumkabili, lakini sarufi inapogawa watu bila mwandishi kujua, wanaoumia hawana hata wa kumlaumu. Wanabaki na hisia tu kwamba kuna kitu. “Ni kama wanaambia watu wengine kuhusu sisi.”

Tuendelee na vitenzi. Mwanafalsafa John Searle, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu vitendo uneni, alieleza masharti ambayo tendo la kushukuru huyatimiza. Sharti la kwanza ni kwamba pawe na tendo lililopita, lililotendwa na yule anayeshukuriwa. La pili, tendo hilo liwe lilimfaa anayeshukuru, na mwenyewe awe anaamini hivyo. La tatu, awe anaona shukrani hiyo moyoni. Yakipungua haya, maneno ya shukrani hubaki maneno. Sasa tuwapime akina mama kwa sharti la kwanza. Walitenda nini? Ujumbe unasema “walihusika na mapishi”. Kuhusika si kupika. Anayenunua vitunguu amehusika, anayepita akachungulia sufuria amehusika. Majirani nao “walifanikisha kwa njia moja au nyingine”. Njia ipi? Msemo huu, ambao hauna asili ya Kiswahili bali umevalishwa nguo zetu kutoka Kiingereza, ni kama mlango wa nyuma: kila aliyesahauliwa husukumwa humo. Kisha unakuja uamuzi wa jumla: “Kila kitu kilifanyika vizuri.”

Neno “kilifanyika” linastahili kusimamiwa kidogo. Lau wangeandika “chakula kilipikwa”, hiyo ingekuwa kauli ya kutendwa, nayo angalau huacha nafasi ya mtenda: kilipikwa na akina mama. Lakini “kilifanyika” ni kauli ya kutendeka. Kauli hii haina nafasi ya mtenda hata ukiitafuta. Husemi “kilifanyika na akina mama”. Ni kauli ya vitu vinavyojitokea, kama kikombe kuvunjika na mlango kufunguka. Kwa sarufi hiyo, wali uliiva wenyewe, hema likasimama lenyewe, na viti vikajipanga.

Ilikuwaje kwa hakika? Nilikuwapo, basi na niseme nilichokiona. Akina mama kumi na kitu walianza kazi Ijumaa mchana wakamaliza Jumamosi jioni. Wengi wao huchuma chai. Mchumaji hulipwa kwa kilo alizopeleka siku hiyo. Asipoingia shambani hapati kitu. Na yule mwenye mashina yake mwenyewe ana hasara nyingine: chai huchumwa kwa mzunguko, majani mawili na kichipukizi, na ukichelewa jani hukomaa likawa gumu, na kwenye kituo cha kuuzia majani likakataliwa. Kwa hiyo mama aliyesimama mbele ya moto siku mbili alitoa mchango wa pesa kama yule wa Nairobi, tofauti ikiwa kwamba wake haukupita kwenye simu ya mweka hazina wala hakuna aliyeusoma kwenye orodha.

Kulikuwa na bibi wa bwana arusi, yule wanayemwita Kogo, aliyeshughulika na mursik. Wasiojua hudhani mursik ni maziwa yaliyoachwa yakaganda. Kibuyu, yaani sotet, husafishwa kwanza, kikapakwa ndani kwa mkaa wa kijiti cha senetwet, ndipo maziwa yaliyochemshwa yakapoa yatiwe na kuachwa kwa siku kadhaa. Ukitaka kunywa Jumamosi, kazi huanza mapema katika wiki. Halafu vijana. Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi, na gari la bibi arusi likazama kwenye tope kabla ya kufika kanisani. Vijana sita wakalisukuma hadi kwenye murramu, wakaingia ibadani suruali zikiwa na matope hadi magotini. Katika ujumbe hawa ni neno moja kati ya koma mbili: “vijana”.

Sasa lugha yetu ina chombo kilichoumbwa kana kwamba ni kwa ajili ya hali hii, nacho ni kauli ya kutendea. Linganisha “mlipika” na “mlitupikia”. La kwanza linataja kazi. La pili linataja kazi, aliyeitenda, na aliyefaidika, vyote ndani ya neno moja: m- ni nyinyi, -tu- ni sisi, na ile -i- kabla ya irabu ya mwisho inasema tendo lilielekezwa kwetu. Rudi kwenye masharti ya Searle: tendo lililopita, mtenda anayeambiwa, na manufaa kwa anayeshukuru. Anachokihitaji mwanafalsafa katika masharti mawili ya kwanza, Kiswahili kinakipakia katika “mlitupikia”. Wala Wakipsigis hawakuhitaji kufundishwa na Waswahili jambo hili. Vitenzi vya lugha za Kikalenjin navyo hupokea kiambishi tamati cha kuonyesha aliyetendewa. Anayetaka kuzama katika isimu ya lugha hizo ana pa kuanzia katika kazi ya Taaitta Toweett ya mwaka 1979, mwanasiasa wa eneo hili hili ambaye hakuacha lugha iwe ya wageni peke yao.

Kwa uangalifu lakini. Kauli ya kutendea haisemi kwamba tendo lilikuwa jema. Inasema tu kwamba lilimwangukia fulani. Mweka hazina akitoroka na michango tunasema “ametulia pesa zetu”, na hiyo nayo ni kutendea, kutokana na kula. Mvua “ilitunyeshea”. Mzizi wa kitenzi ndio unaoamua kama ni neema au balaa. Ndiyo sababu haitoshi kutia kiambishi kwenye kitenzi chochote kile. “Mlitufanikishia” bado ni moshi. Ni lazima kitenzi kiwe cha kazi inayoonekana: kupika, kusukuma, kubeba, kuazima.

Hoja hiyo hutatua tatizo ambalo maarusi walinitajia nilipozungumza nao. Bwana arusi aliniambia, “Mwalimu, tungeanza kutaja majina tungemaliza lini? Na ukitaja arobaini, wa arobaini na moja anakasirika.” Ni kweli kabisa, na kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua hofu hiyo. Lakini jibu la hofu ya majina si “njia moja au nyingine”. Ukitaja kazi, kila mtu atajipata bila kutajwa jina. Vijana wa gari wanajijua. Nikamuuliza ujumbe wenyewe aliutoa wapi. Akacheka, akasema aliunakili kutoka harusi ya rafiki yake, akabadilisha majina ya miji. Hilo lilieleza mengi, ikiwemo ile “Itifaki imezingatiwa” iliyo mlangoni. Msemo huo ni wa mhutubu jukwaani anayekwepa kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja. Katika shukrani za nyumbani, itifaki gani hiyo, na nani aliizingatia?

Kuhusu “tungependa kuchukua fursa hii”, sitakaa sana. Wapo wanaotaka -nge- ya adabu ipigwe marufuku, eti anayesema “ningependa kushukuru” bado hajashukuru. Mimi siwaungi mkono. Adabu ina haki ya kuzunguka kidogo. Ila hiyo fursa inayochukuliwa ni Kiingereza kilichotembea kwa miguu hadi Bomet.

Neno ambalo halikuonekana katika ujumbe ule, na ambalo lingefaa zaidi, ni “asanteni”. Asili yake ni Kiarabu, “ahsanta”, maana yake umefanya vyema. Waarabu humwambia mwanamume “ahsanta” na mwanamke “ahsanti”; sisi tulichukua umbo moja kwa wote, kisha tukalitilia -ni yetu kwa wingi. Tafakari tofauti iliyopo kati yake na “shukrani”. Shukrani ni hali ya anayeshukuru, ni nomino inayoweza kupelekwa popote kama kifurushi: “shukrani zimwendee mwenyekiti”. Asanteni, kwa asili yake, inamtazama mtenda na kulisifu tendo lake. Na haiwezi kuelekezwa kwa asiyekuwapo. Huwezi kusema “asanteni” kuhusu watu; ni lazima uwaambie wenyewe.

“Kongoi mising” nayo iliwekwa mwishoni, nami naiona kuwa sehemu hai kuliko zote katika ujumbe ule. Mama yule alisema hilo ndilo neno pekee alilolisikia likimjia. Si ajabu. Kongoi huambiwa mtu usoni, awe mmoja au umati, na hakuna kamati iliyowahi kulikunja likawa fomyula. Makosa ni kwamba liliachwa kama sahihi chini ya barua, baada ya kazi yote kufanywa na lugha ya jukwaani.

Maarusi wakaniomba niwaandikie nitakavyo. Sikutaka kuwapokonya sauti yao, lakini tulikaa pamoja, wao wakikumbuka na mimi nikipanga viambishi, tukapata hivi:

“Asanteni nyote. Nyinyi mliotuchangia mkiwa Nairobi, Nakuru na Eldoret, mlituondolea deni ambalo tungeanza nalo ndoa. Mwenyekiti na kamati, mlitusimamia mikutano ya kila Jumapili tulipokuwa tumechoka. Mchungaji, ulitufungisha ndoa na ukatusubiri tulipokwama. Akina mama mliotupikia, mlikesha mekoni na mkatuachia siku mbili za kuchuma chai. Kogo, ulitutengenezea mursik tangu mwanzo wa wiki. Vijana, mlitusukumia gari mkaingia kanisani na matope. Majirani, mlituazima viti na sufuria na mlituchotea maji. Mungu awabariki. Kongoi mising.”

Kimeongezeka nini? Maneno hayakuzidi sana. Wahisani wa mijini hawakupunguziwa heshima. Kwa maoni yangu wameongezewa, maana sasa wanajua pesa zao zilifanya nini, na hakuna kiasi kilichotajwa kikawapa aibu waliotoa kidogo. Nafsi imebaki ya pili kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila kundi lina kitenzi chake. Kuna “mliotupikia”, “mlitusukumia”, “mlituazima”. Hiki cha mwisho hakina hata haja ya kutendea, kwa sababu kumwazima mtu tayari kunadai yambwa yake.

Nilimpelekea mama yule nakala kabla maarusi hawajaituma. Binti yake akamsomea taratibu. Alipofika kwa akina mama alitikisa kichwa, akasema, “Hapo sawa.” Kisha akamsimamisha kwenye mstari wa majirani. “Maji hatukuchota sisi wala majirani. Yaliletwa na punda, wale vijana wawili wa mtoni. Walikuja mara nne, na hata soda hawakunywa.” Maarusi hawakuwa na habari. Tukaugawa mstari ule mara mbili: majirani wakabaki na viti na sufuria, na chini yao tukaandika, “Nyinyi wawili wenye punda, mlituletea maji mara nne.”